Safu ya Hatusemi

Mama yangu aliiweka chupa ya Tulivu ya kutia kwenye maji juu ya kabati mwezi mzima bila kuifungua, kwa sababu alikuwa akisubiri zile nyingine mbili.

"Nyingine zipi, mama?"

"Matone na kinga," alisema. "Hiki nilichonacho ni kisafishaji. Matone wameniandikia kwenye simu. Kinga wanaitangaza redioni. Nilijua wewe ndiye utakayeniletea, si unafanya kazi hukohuko?"

Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama. Alikuwa ametoka kituo cha afya cha Mhunze kwa mara ya pili tangu Pasaka, tumbo lile lile, macho yameingia ndani na khanga inamzunguka mara mbili. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba tatizo ni maji ya lambo, na kwamba kwa umri wake mara ya tatu huenda asirudi nyumbani. Wakati huo chupa ipo juu ya kabati, imeletwa na binti yake wa kumzaa, ambaye analipwa mshahara kuwaeleza watu namna ya kuitumia. Nilijisikia mjinga.

"Mama, ni kitu kimoja. Kisafishaji, matone, kinga, vyote ni hiyo chupa."

Alinionea huruma waziwazi. "Kitu kimoja kina majina matatu, kimekimbia nini?"

Nilirudi Shinyanga na swali lile njia nzima.

Kampuni yetu inatengeneza klorini ya kutia kwenye maji ya kunywa, basi, hatuna kingine. Tunauza kwa wafugaji na wakulima wa huku Kishapu na kwa wachimbaji wa Segese, kule kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ambako watu wengi wanakunywa kutoka pipa moja. Ofisi ni nyumba ya kupanga pale Kambarage. Sebule ndiyo ukumbi wa mikutano, na chumba cha kulala ndiyo idara ya maandishi, waandishi watatu na mimi mhariri wao. Stanslaus anaandika maneno ya kwenye chupa na vipeperushi. Loveness anaandika ujumbe wa simu na mambo ya mitandaoni. Mwigulu anaandika matangazo ya redio. Kila mmoja ni hodari, na hakuna anayesoma kazi ya mwenzake. Mimi nilikuwa nasoma zote, lakini nilikuwa natafuta makosa ya herufi. Jambo la mama lilikuwa likinipita mbele ya macho kila siku na sikuliona.

Nilipowasimulia, kila mtu alitetea neno lake.

"Matone ni neno laini," alisema Loveness. "Mtu akisikia matone anatulia."

"Anatulia, halafu anatia matone mawili kwenye ndoo nzima," nilimwambia. "Tulivu haipimwi kwa matone. Inapimwa kwa kizibo."

"Mimi nasema kifuniko," Mwigulu akaingilia. "Kizibo ni cha soda."

Stanslaus akacheka peke yake, kisha akatuambia kwamba Rhoda, wakala wetu wa Segese, alimpigia kuuliza hicho kifuniko kinachotangazwa redioni ni cha chupa au cha ndoo, maana ndoo nayo ina kifuniko, na kuna mchimbaji alishapima kwa hicho kikubwa. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema alimjibu Rhoda na suala likaisha. Hapo nilitaka kurusha kikombe.

Meneja wetu, Donatus, alisikia kelele akaja kusimama mlangoni. Ni mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa, aliyewahi kuuza sabuni Mwanza na anayeamini kila tatizo hutatuliwa kama la kuuza sabuni. "Chapa yenye ndimi tatu haina ulimi," alisema. "Violeth, tutengenezee msamiati wa chapa. Maneno tunayosema daima, na maneno tusiyosema kamwe. Kila anayeandika jina la Tulivu aufuate. Na uwe tayari kabla ya ngoma za mavuno, maana nimemkodi Manju Ngassa atuimbie Mhunze."

Kazi ile niliipenda, nakiri. Nilikusanya kila kitu tulichowahi kutoa, chupa, vipeperushi, jumbe, matangazo, nikaweka pamoja kila neno linalotaja kitu kile kile. Kizibo kilikuwa na majina manne. Kusubiri nusu saa kabla ya kunywa kulisemwa kwa namna nyingi hadi mtu angeweza kusubiri mpaka kesho. Niliwapigia mawakala nikawauliza wateja wenyewe wanakiitaje kitu chetu. Karibu wote walisema "dawa ya maji."

Hilo ndilo lingekuwa jina, lakini mwanasheria wetu alikataa, kwa sababu Tulivu haikusajiliwa kama dawa na hatuna ruhusa ya kuiita hivyo. Tukabishana siku nzima. Mwishowe tukakubaliana kwa "kisafisha maji," na tukakubaliana pia kwamba mteja akisema dawa hatumsahihishi, ila sisi hatuandiki.

Jedwali lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza, TUNASEMA. Ya pili, HATUSEMI. Ya tatu ilikuwa ni sababu, pamoja na neno la kutumia badala yake. Nililisisitiza jambo hilo la tatu mpaka Mwigulu akaniita mwalimu mkuu. Niliwaambia ukimkataza mwandishi neno bila kumpa lingine, atanyamaza au atabuni, na yote mawili ni balaa. Kila neno lililokatazwa lilipata mbadala wake. Matone, sema kizibo kimoja kwa ndoo ya lita ishirini. Maji machafu yenu, sema maji ya lambo au ya kisima, maana hakuna anayenunua kwa mtu aliyemtukana. Sumu, usiitaje hata kwa kukanusha, sema ni salama kwa kipimo kilichoandikwa.

Tulipofika kwenye "harufu," Donatus mwenyewe alikuwepo.

"Harufu hatuitaji," alisema. "Ukitaja harufu umemkumbusha mteja kwamba ana pua."

"Badala yake tuseme nini?"

"Tunyamaze."

"Lakini inanuka, bosi."

"Kidogo. Atazoea."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa Ijumaa, wenzangu wameshabeba mikoba, na mimi nilitaka jedwali liishe. Niliandika "harufu" kwenye safu ya HATUSEMI, na pale kwenye mbadala nikaweka mstari mfupi. Kisha nikaandika chini kabisa, kwa herufi nene, kwamba kila mwandishi wa Tulivu apewe jedwali lote bila kupunguza.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Chupa, simu na redio zilizungumza lugha moja. Nilimpelekea mama chupa mpya na karatasi moja, nikamwambia jina ni hili hili kokote utakakolisikia. Alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa mmeamua," alisema. Aliahidi ataanza kuitumia mara maji ya ndoo aliyokuwa nayo yatakapoisha. Nilimwamini, kwa sababu mama yangu hana tabia ya kuahidi ili mtu aondoke.

Ngoma za mavuno kwetu si burudani ya kupiga makofi na kwenda nyumbani. Ni mashindano. Kundi la Bagika upande huu, kundi la Bagalu upande ule, na anayekusanya watu wengi ndiye mshindi. Manju anashinda kwa mdomo. Anamtaja mpinzani wake, anayachukua maneno yake, anayageuza na kumrushia mbele ya umati. Asiyemtaja mpinzani anahesabiwa kwamba amemwogopa. Haya yote nayajua tangu nikibebwa mgongoni, na bado siku nilipoandika "kila mwandishi" haikunijia akilini kwamba mwandishi mkubwa kuliko sisi wote ni mzee asiyeshika kalamu.

Jumamosi ile uwanja ulijaa. Mama alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki, na mimi nilisimama nyuma yake. Manju Ngassa aliingia na manyoya yake na filimbi, vijana wake nyuma, na kwa Kisukuma safi akaanza. Kisafisha maji, aliimba, kizibo kimoja, ndoo moja, nusu saa. Kila neno lilikuwa limetoka safu ya kwanza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha akageuka kuutazama upande wa Bagalu, akainua fimbo.

Wengine wanasema sumu, sisi hatusemi sumu. Wengine wanasema harufu, sisi kwetu hakuna harufu. Wengine wanasema maji yenu ni machafu, sisi hatusemi maji yenu ni machafu. Vijana wakaitikia kila mstari, sumu, harufu, machafu, na umati ukaitikia pamoja nao, maana wimbo ulikuwa mtamu kweli.

Sikuelewa kinachotokea. Nilidhani masikio yangu yana kasoro. Nilimtafuta Mwigulu nikamkuta pembeni anacheza, shati limelowa.

"Umempa nini yule mzee?"

"Jedwali. Nilimsomea kwa simu lote, bila kupunguza, kama ulivyoandika." Alinitazama usoni, akaacha kucheza. "Kwani nimekosea?"

Alikuwa amefanya nilivyoagiza. Manju naye alikuwa amefanya kazi yake kama manju yeyote mwenye heshima. Alipewa maneno ya kwetu na maneno yasiyo ya kwetu. Sasa yale yasiyo yetu ni ya nani, kama si ya mpinzani? Nilizunguka na swali hilo mle uwanjani na kila mahali nilipogeuka nilikuta mtu ametimiza wajibu wake.

Bagalu hawakuchelewa. Manju wao alisubiri vumbi litulie, akaimba taratibu, karibu kwa upole: Ngassa, nani alikuambia ni sumu? Sisi hatujasema. Lisemwalo lipo, Ngassa, na kama halipo laja. Umati uliinuka. Siku hiyo Bagalu walishinda kwa mstari mmoja.

Kufika Jumatatu wimbo ulikuwa umefika Segese ndani ya simu za watu. Rhoda alinipigia, sauti imechoka. "Dada Violeth, wale wa maduara wananiuliza kama ni ile ya kuchenjulia."

"Ya kuchenjulia nini?"

"Dhahabu. Huku sumu ni sianidi, dada. Inakuja kwenye madumu, kila mtu anaijua. Sasa wamesikia kuna nyingine ya chupa inaimbwa kwamba si sumu. Wanataka kujua tofauti. Na mimi mwenyewe nataka kujua, ili niwajibu."

Donatus aliitisha kikao. Alipendekeza tangazo la kukanusha. Loveness akamuuliza tutakanushaje bila kutaja neno lililokatazwa, na kama tukilitaja si tutakuwa Manju Ngassa wa pili. Stanslaus alisema labda tuandike kwamba yale yaliyosemwa kuhusu kile kisichosemwa si sahihi. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipojua tumepotea kabisa. Niliomba ruhusa, nikapanda gari la Mhunze.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Nilimwamkia shikamoo na marahaba yake ilitoka kwa mbali. Tumbo lilikuwa limeanza tena usiku wa kuamkia Jumatatu. Dada wa jirani alikuwa akimnywesha uji. Nilikwenda moja kwa moja jikoni. Ndoo ilikuwa imejaa, na chupa ilikuwa imefunguliwa, imepungua kizibo kimoja hivi.

"Ulitia, mama?"

"Nilitia. Nikasubiri nusu saa, kama karatasi yako. Nikamwaga, nikachota mengine ya lambo."

"Ukamwaga? Kwa nini?"

"Inanuka."

Nilichuchumaa karibu naye. Nikamweleza, kwa sauti ya taratibu niliyoifanyia mazoezi garini, kwamba kisafisha maji cha Tulivu ni salama kwa kipimo kilichoandikwa, kwamba kizibo kimoja kinatosha kwa ndoo ya lita ishirini, kwamba familia nyingi za Kishapu... Aliinua mkono nikaacha.

"Mayu, mwanangu, unaongea kama redio. Nisikilize mimi. Ngassa aliimba mambo mawili. Haina harufu, na si sumu. Nikafungua chupa, harufu ikanipiga mpaka kwenye macho. Basi la kwanza ni uongo. Kama la kwanza ni uongo, la pili nitalisadiki kwa sababu gani?"

Nilitafuta kosa kwenye hoja ile na sikulipata. Mama hakuwa ameshikilia mila wala hofu ya kijinga. Alikuwa amepima maneno yetu kwa pua yake, na maneno yetu yalishindwa. Katika kila tulichoandika, kwenye chupa, kwenye simu, redioni, hakukuwa na mahali hata pamoja ambapo mtu angesoma kwamba maji haya yatanuka na kwamba asiogope. Pale palikuwa na ule mstari wangu mfupi. Niliona aibu, na nyuma yake hasira, na hasira haikupata pa kwenda ila kwangu.

"Inanuka, mama," nilisema.

Alifumbua macho vizuri.

"Ni klorini. Inanuka na itaendelea kunuka. Ukisubiri nusu saa na maji yakawa yananukia kidogo, ndiyo ujue imefanya kazi na bado inayalinda. Yasiponuka kabisa, ndipo uhofu, maana kipimo hakikutosha."

"Kwa hiyo ile harufu ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona hamkusema?"

"Neno lilikatazwa."

"Nani alilikataza?"

Nilifikiria kumtaja Donatus, na viatu vyake, na pua ya mteja. "Mimi ndiye niliyeliandika," nilisema.

Dada wa jirani aliangalia bakuli la uji kana kwamba limeanza kuongea. Niliinuka nikachuja maji ya ndoo kwa kitambaa, nikatia kizibo, nikakoroga, nikafunika, na tukasubiri. Katika kusubiri mama aliniuliza mambo ya watoto na ya ofisini, nami nikajibu, na sote wawili tulikuwa tukiitazama ndoo. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mahindi:

"Wewe kule Kambarage unayanywa?"

Kule Kambarage tunanunua maji ya dukani, katoni kwa katoni, na katoni zinakaa chini ya meza yangu ya kazi. Miguu yangu huwa juu yake ninapoandika.

"Hapana," nilisema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

Alijiinua kwa kiwiko, akanyoosha mkono kuelekea kikombe. Nilidhani anataka apewe. Alikisukuma kwangu.

Nilichota, nikanywa. Harufu ilitangulia, ile ya wodi iliyodekiwa asubuhi, kisha ladha ikakaa nyuma ya ulimi na haikuondoka. Mama hakukitazama kikombe. Alikuwa akinitazama usoni.

"Yakoje?"

Nilipita safu ya kwanza nzima kichwani, kutoka juu mpaka chini. Salama. Safi. Tulivu. Maneno mazuri, niliyachagua mwenyewe, na hakuna hata moja lililokuwa mdomoni mwangu wakati ule.

"Mabaya kidogo," nilisema.

Akanipokonya kikombe, akanywa yote.